Picha kila hatua, picha chache, au picha moja yenye namba: uchague ipi kwa mwongozo wa Excel wa anayeanza

Ukitaka kumwandikia mtu ambaye hajawahi kushika Excel mwongozo wa hatua kwa hatua, uamuzi wa kwanza ni wa picha za skrini: uweke ngapi, za ukubwa gani, na zifanye kazi gani ambayo maneno hayawezi kuifanya. Uamuzi huo ndio unaoamua kama msomaji atafika mwisho au ataishia hatua ya tano.

Namna zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni picha kila hatua: kila unachobofya kinapigwa picha ya skrini nzima, na chini yake sentensi moja fupi. Ya pili ni maneno yaliyo kamili, yanayoweza kusomeka yenyewe, pamoja na picha chache zilizokatwa na kuwekwa pale tu ambapo macho yanahitaji msaada. Ya tatu ni picha moja kubwa ya skrini iliyopigwa namba 1, 2, 3 juu yake, na maelezo ya kila namba yakiwa pembeni.

Ili tusilinganishe hewani, tuchukue kazi moja. Mtunza kumbukumbu wa stoo ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, anapokea mzigo kutoka kwa wauzaji mbalimbali na kuandika kwenye daftari: nani kaleta, kilo ngapi, bei ya kilo. Mwenye stoo amenunua laptopu na anataka hesabu hiyo ihamie Excel. Mwongozo unatakiwa umfikishe huyu dada kwenye karatasi ya Excel yenye safu nne, jumla ya kila mzigo, jumla kuu chini, na mstari wa vichwa usiopotea anapoteremka. Mwongozo utaprintiwa stesheneri, mweusi na mweupe, maana hataweza kusoma PDF kwenye skrini ileile anayofanyia kazi.

Data ya mfano ni hii, na ni ya kubuni makusudi. Muuzaji 1, kilo 40, bei 6000. Muuzaji 2, kilo 35, bei 6000. Muuzaji 3, kilo 52, bei 5500. Safu A ni Muuzaji, B ni Kilo, C ni Bei, D ni Jumla. Kazi ikifanyika sawasawa, D2 itakuwa 240000, D3 itakuwa 210000, D4 itakuwa 286000, na jumla kuu kwenye D5 itakuwa 736000. Shikilia namba hizo, tutazihitaji.

Herufi zitasomeka?

Tuanze na ukubwa, kwa sababu hapa namna ya kwanza inaumia sana na wengi hawajui kwa nini.

Laptopu nyingi za bei nafuu, hasa za zamani, zina skrini yenye upana wa pikseli 1366. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiondoa pambizo za kawaida za Word, sentimita 2.54 kila upande, inabaki nafasi ya sentimita 15.92. Windows, ikiwa skrini imewekwa asilimia 100, huhesabu pikseli 96 katika inchi moja, yaani sentimita 2.54. Kwa hesabu hiyo picha ya skrini nzima ina upana wa sentimita 36 hivi. Ukiibandika kwenye Word, programu huipunguza yenyewe ili iingie kati ya pambizo, na inabaki asilimia 44 ya ukubwa wake. Maneno ya kwenye vitufe vya Excel yana ukubwa wa karibu pointi 9. Asilimia 44 ya hiyo ni pointi 4. Gazeti halichapi habari kwa herufi ndogo hivyo, na printa ya stesheneri iliyochoka wino haiwezi kuzitoa zikasomeka.

Sasa geuza hesabu. Ni eneo la upana gani linaingia kwenye karatasi bila kupunguzwa? Sentimita 15.92 ni inchi 6.27, mara pikseli 96, unapata pikseli 600 na ushee. Kwa hiyo kipande cha skrini kisichozidi pikseli 600, yaani chini kidogo ya nusu ya upana wa skrini hiyo, huingia kikiwa na ukubwa uleule ambao msomaji anauona kwenye laptopu. Huo ndio upana ambao namna ya pili inautumia. Windows 10 na 11 zina njia nyepesi ya kukata: bonyeza Windows, Shift na S kwa pamoja, kisha buruta kuzunguka eneo unalotaka tu.

Namna ya tatu nayo hutumia skrini nzima, lakini ina nafuu moja: kwa kuwa picha ni moja, unaweza kuilaza ukurasa mzima kwa upana. A4 iliyolazwa, ukiacha pambizo zilezile, ina nafasi ya sentimita 24.6, na picha inabaki asilimia 68. Herufi zinakuwa pointi 6. Zinasomeka kwa mwanga mzuri, si zaidi.

Hatua ambayo picha haiioni

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua kipande cha kazi yetu: kuandika fomula kwenye D2 na kuinakili hadi D4. Fomula ni hii:

```
=B2*C2
```

Kwa namna ya kwanza, mwongozo ungekuwa na picha ya D2 ikiwa na fomula, na maneno "Andika fomula kama inavyoonekana." Kisha picha ya pili ikionyesha D2 hadi D4 zikiwa zimejaa, na maneno "Buruta kwenda chini." Mwandishi anaona amemaliza, kwa sababu yeye anajua kilichotokea katikati.

Kati ya picha hizo mbili kuna mambo manne ambayo hayaonekani. Kwanza, msomaji lazima abonyeze Enter. Pili, akibonyeza Enter, Excel inamhamisha hadi D3, kwa hiyo lazima abofye D2 tena. Tatu, anatakiwa ashike kimraba kidogo kilichopo kona ya chini kulia ya D2, si ukingo wa seli. Nne, atajua amekipata pale kishale kitakapogeuka kuwa msalaba mweusi mwembamba. Na hili la nne ni gumu kuliko yote kwa mwandishi wa picha, kwa sababu picha ya skrini inayopigwa kwa vitufe vya Windows haichukui kishale cha mausi. Unaweza kupiga picha hiyo mara kumi na msalaba mweusi usitokee hata mara moja. Ama uuchore mwenyewe, ama useme kwa maneno.

Makosa yanayotokea hapa yana alama zake, na mwongozo mzuri huzitaja hapohapo. Asiporudi D2 na akaburuta kutoka D3, atakuwa amenakili seli tupu. D3 na D4 zitabaki tupu na atadhani kompyuta imekataa. Akishika ukingo badala ya kimraba, kishale huwa na mishale minne, na akiburuta atakuwa amehamisha fomula badala ya kuinakili: D2 itakuwa tupu na D4 itasoma 240000. Hilo la pili ni baya zaidi, kwa sababu 240000 ni namba yenye sura ya kweli. Mtu asiyejua kwamba D4 ilitakiwa isome 286000 atasonga mbele na hesabu isiyo yake.

Soma sasa kipande hichohicho kikiandikwa kwa namna ya pili:

4. Bofya seli D2. Andika `=B2*C2` kisha bonyeza Enter. D2 inasoma 240000.
   Ukiona `#VALUE!`, angalia B2 na C2: ziwe na tarakimu tupu. Ukiandika 40kg, Excel huichukua kama maneno na haiwezi kuzidisha.
5. Bofya D2 tena. (Ulipobonyeza Enter, Excel ilikuhamisha hadi D3.)
6. Peleka kishale kwenye kimraba kidogo kilichopo kona ya chini kulia ya D2 mpaka kigeuke msalaba mweusi mwembamba. *[picha ya D2 peke yake, imekuzwa]* Bonyeza mausi bila kuachia, buruta hadi D4, achia.
   D3 inasoma 210000 na D4 inasoma 286000. Kama D2 imebaki tupu, umeihamisha. Bonyeza Ctrl na Z, urudie hatua ya 5.

Picha ni moja tu, tena ndogo, ya seli moja na kimraba chake. Imewekwa pale ambapo maneno hayatoshi: kimraba hakina jina lililoandikwa kwenye skrini, na mtu hawezi kutafuta kitu kisicho na jina. Fomula haihitaji picha hata kidogo. Kwenye picha iliyopunguzwa, nyota ya kuzidisha ni doa tu, na anayeanza anaweza kuisoma kama x. Kwenye maandishi iko wazi, na ukimtumia mwongozo kwa PDF anaweza hata kuinakili.

Namna ya tatu inaweza kufanya nini na kipande hiki? Karibu hakuna. Namba 1 kwenye D2, namba 2 kwenye kimraba, namba 3 kwenye D4. Inaonyesha mahali, haionyeshi kilichobadilika baada ya kila tendo.

Skrini ya msomaji ikitofautiana na yako

Tulimwekea dada mmoja wa stoo mwongozo wa picha kila hatua mbele yake, tukanyamaza. Hatua za mwanzo alizipita vizuri. Alipofika kwenye kugandisha mstari wa vichwa akasimama, akageuza karatasi, akarudi kwenye skrini.

"Kaka, hii Freeze Panes kwangu haipo."

Kwake ilikuwepo. Dirisha la Excel halikuwa limejaza skrini, na dirisha likiwa jembamba Excel hukunja kundi zima la vitufe na kuacha kitufe kimoja chenye jina la kundi. Chini ya View, vitufe vyote vya kundi hilo, pamoja na Freeze Panes, vilikuwa vimejificha ndani ya kitufe kimoja kilichoandikwa Window. Picha ilipigwa kwenye dirisha lililojaa, kwa hiyo ilionyesha ukweli wa skrini nyingine. Na kwa kuwa maneno yalisema tu "Bofya kama inavyoonekana", hapakuwa na kitu kingine cha kumsaidia.

Jambo hilihili hutokea kwenye alama ya kujumlisha. Skrini pana huonyesha Σ pamoja na neno AutoSum. Dirisha likipungua neno huondoka, inabaki Σ peke yake. Na kuna wasomaji ambao utepe mzima wa vitufe umefichwa, wanaona majina tu ya Home, Insert na mengine, bila kitu chini yake. Hao husaidiwa kwa kubonyeza Ctrl na F1, ambayo huufunua utepe.

Picha kila hatua huhitaji skrini mbili zifanane. Maneno yaliyo kamili huvumilia tofauti, mradi uyaandike kwa mpangilio unaofaa: kwanza mahali, kisha kitendo. Si "Bofya Freeze Top Row kwenye menyu ya Freeze Panes chini ya View", kwa sababu msomaji ataanza kutafuta Freeze Top Row kabla hajajua pa kuitafuta. Andika hivi:

8. Juu ya dirisha, bofya **View**. Bofya **Freeze Panes**. Kwenye orodha inayofunguka, bofya **Freeze Top Row**. *[picha ya orodha iliyofunguka]*
   Huoni **Freeze Panes**? Bofya kitufe kilichoandikwa **Window**. Imo ndani yake.
   Teremsha karatasi kwa gurudumu la mausi: vichwa vya mstari wa 1 vinabaki palepale.

Majina ya vitufe yanabaki kama yalivyo kwenye skrini, kwa herufi nene, hata kama mwongozo wote ni wa Kiswahili. Msomaji analinganisha umbo la neno kwenye karatasi na umbo la neno kwenye kioo. Ukimwandikia tafsiri, unamlazimisha kubahatisha.

Mstari wa kwanza wa hatua hiyo ya 8 ni mrefu, una mabofyo matatu. Wapo wanaosema kila bofyo liwe na namba yake. Mimi naona mabofyo yanayofuatana ndani ya menyu moja, bila msomaji kuamua lolote katikati, yakae pamoja. Yakitenganishwa, kazi ya hatua 9 inageuka hatua 20 na inatisha kabla haijaanza. Lakini pale kitu kinapobadilika kwenye karatasi, au pale msomaji anapohitaji kuhakikisha, hatua iishe.

Idadi, karatasi, na siku programu itakapobadilika

Kazi yetu yote kwa picha kila hatua inahitaji picha 15 hivi. Zikikaa mbili kwa ukurasa pamoja na maneno yake, ni kurasa 8. Kwa namna ya pili picha ni nne: karatasi baada ya kujazwa data, kimraba cha D2, kitufe cha Σ, na orodha ya Freeze Panes. Kurasa ni mbili, pengine tatu. Kurasa mbili zinaweza kuprintiwa mbele na nyuma ya karatasi moja na kukaa kando ya laptopu. Kurasa nane hubanwa pini, zinafunuliwa kwa mkono uliokuwa kwenye mausi, na msomaji anapoteza alipokuwa.

Excel ikibadilisha sura, kila picha yenye utepe ndani yake inazeeka, hata kama hatua yenyewe haihusu utepe. Kwenye mwongozo wa picha 15 za skrini nzima, zote 15 zina utepe. Kwenye ule wa picha nne zilizokatwa, mbili ndizo zinazougusa.

Kuna jambo la siri pia. Skrini nzima ya laptopu ya stoo hubeba majina ya mafaili mengine, jina la akaunti kule juu, pengine ujumbe uliotokea pembeni. Kwa hiyo tumia data ya kubuni, na ukate wakati wa kupiga, si baadaye. Ukikata picha ndani ya Word kwa Crop, kile kilichokatwa kinafichwa tu; kimo bado ndani ya faili, na yeyote atakayepokea waraka anaweza kukirudisha. Kukiondoa kabisa, bofya picha, ingia Picture Format, kisha Compress Pictures, na uhakikishe Delete cropped areas of pictures imewekwa alama.

Basi nani achague ipi

| Hali yako | Chaguo langu |
|---|---|
| Programu ya kompyuta, mwongozo wa kuprinti | Maneno kamili na picha chache zilizokatwa |
| Programu ya simu | Picha kila hatua |
| Fomu ya ukurasa mmoja isiyobadilika unapoijaza | Picha moja yenye namba |
| Karatasi ya kumkumbusha aliyekwisha kujifunza | Picha moja yenye namba |

Mstari wa simu unahitaji maelezo, kwa sababu nimeitetea namna ya pili kwa nguvu. Simu ni tofauti kwa sababu mbili. Kila unapogusa, skrini nzima hubadilika, kwa hiyo picha moja ni hatua moja kweli. Pili, picha ya simu ni nyembamba. Picha tatu za upana wa sentimita 5 hukaa sambamba kwenye A4, na mpunguzo wake ni mdogo kwa sababu skrini yenyewe ina upana wa sentimita 6 au 7. Kwenye simu nyingi za Android picha hupigwa kwa kubonyeza pamoja kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti. Andika namba ya hatua ndani ya picha yenyewe, maana mwongozo wa simu hutembea WhatsApp, na picha iliyosambazwa peke yake kwenda Nansio au Sengerema haibebi maelezo yaliyokuwa jirani nayo. Itume kama waraka, si kama picha, la sivyo WhatsApp huipunguza ubora na herufi ndogo ndizo za kwanza kuharibika.

Picha moja yenye namba ina mahali pake pazuri: ukurasa ambao hauondoki unapofanya kazi. Fomu ya kusajili muuzaji mpya, yenye jina, simu na kijiji, haina menyu za kufunguka wala matokeo ya katikati. Namba sita juu ya picha moja zinatosha. Zikizidi nane, mistari ya kuunganisha huanza kukatizana na jicho linachoka. Na kwa kuwa mwongozo utaprintiwa mweusi na mweupe, duara jekundu litatoka kijivu kama utepe wa Excel wenyewe. Tumia duara jeusi lenye namba nyeupe ndani.

Kuchanganya kunaruhusiwa. Kwa stoo yetu, mwongozo mkuu ni wa maneno na picha nne, na ukurasa wa mwisho una picha moja ya karatasi iliyokamilika, yenye namba, kwa ajili ya siku ambazo dada huyo anakumbuka karibu kila kitu isipokuwa kitufe kimoja.

Kuipanga kwenye Word bila namba kuvurugika

Namna yoyote utakayochagua, kuna kero itakayokukuta: unaandika hatua ya 6, unabonyeza Enter, unabandika picha, na hatua inayofuata inaanza tena na 1, au picha yenyewe inapewa namba 7. Hutokea kwa sababu Enter huanzisha aya mpya, na orodha ya namba huhesabu aya. Mwishoni mwa maneno ya hatua bonyeza Shift na Enter badala ya Enter peke yake. Mstari unashuka lakini aya inabaki ileile. Bandika picha hapo, na kwenye Layout Options uiache In Line with Text ili isielee. Fanya hivyohivyo kwa mistari ya "Ukiona…". Ukimaliza hatua nzima ndipo ubonyeze Enter.

Faida ya pili ni kwamba picha na hatua yake sasa ni aya moja. Chagua hatua zote, fungua dirisha la Paragraph, kichupo cha Line and Page Breaks, weka alama kwenye Keep lines together. Word haitaacha maneno ya hatua ya 6 chini ya ukurasa wa kwanza na kimraba cha D2 juu ya ukurasa wa pili. Usizipe picha namba zake. Picha ya hatua ya 6 ni ya hatua ya 6. Ukiiita Picha ya 2, msomaji atakuwa na hesabu mbili za kufuatilia.

Hifadhi picha kwa PNG. JPEG huchafua kingo za herufi, na uchafu huo huonekana zaidi karatasi ikishatolewa kopi ya kopi.

Halafu mpe mtu mmoja ambaye hajui, ukae nyuma yake bila kusema neno, ukiwa na nakala yako na kalamu. Usiandike anachokosea tu. Weka alama kila mahali kidole kinaposimama kwenye karatasi zaidi ya kawaida, na kila mahali anapotazama skrini, kisha karatasi, kisha skrini tena bila kubofya. Alama ya aina ya kwanza kwa kawaida inadai sentensi iandikwe upya. Ya aina ya pili inadai picha, au picha iliyopo ikatwe ndogo zaidi. Ukisikia "nimemaliza", tazama D5. Kama haisomi 736000, rudi naye nyuma seli moja moja hadi ile ya kwanza yenye namba tofauti na ya mwongozo. Hatua iliyoijaza seli hiyo ndiyo ya kuandika upya.